Miaka miwili na ushei ya Lushoto: maelezo matatu ya usahaulifu wa utotoni, na niliyoyachagua

Mpwa wangu alipelekwa Lushoto kwa mama yangu akiwa na miezi minne, akarudishwa Dar es Salaam akiwa na miaka miwili na miezi minane. Kule ndiko alikoota meno, akatambaa, akasimama, akatamka neno la kwanza, na neno hilo lilikuwa la Kisambaa. Sasa ana miaka minane. Desemba nilimchukua tukapanda basi, tukakunja Mombo, tukapandisha mlima kwenda kumsalimia bibi yake. Aliamkia vizuri, shikamoo bibi, akaitikiwa marahaba, kisha akakaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni anayesubiri kuruhusiwa kuondoka.

Usiku mama alinivuta jikoni. "Huyu mtoto mmemwambia nini huko mjini? Nimembeba mgongoni miaka miwili na ushei, leo hanijui?"

Hakuna aliyemwambia chochote. Hilo ni jambo linalompata karibu kila mwanadamu. Mtu mzima akiulizwa kumbukumbu yake ya kwanza kabisa, kwa wastani hutaja tukio la umri wa miaka mitatu hadi mitatu na nusu. Kabla ya hapo ni giza, na hata miaka michache inayofuata ina vijipande tu. Swali hili limeulizwa tangu mwisho wa karne ya 19, na Sigmund Freud alidai kwamba tunazizika kumbukumbu hizo kwa aibu ya matamanio ya utotoni. Dai lake silipangi kwenye ulinganisho huu, maana panya wachanga nao husahau, na sijasikia panya mwenye aibu.

Yamebaki maelezo matatu yanayostahili kuwekwa mezani. La kwanza linasema matukio hayo hayakuandikwa. La pili linasema yaliandikwa, kisha yakafunikwa ubongo ulipoendelea kukua. La tatu linasema yaliandikwa bila maneno, na kwa kuwa hayakusimuliwa, hayakupata mahali pa kukaa. Kuchagua kati yake si mchezo wa wasomi. Kila moja lina jibu lake kwa mama yangu, na kila moja lina ushauri wake kuhusu mdogo wake huyu mpwa, binti wa miaka mitatu, ambaye sasa ndiye anayelelewa Lushoto.

Kujua si kukumbuka

Kabla ya kulinganisha, tuondoe mkanganyiko mmoja. Watu huuliza: mtoto huyu alijifunza kutembea, kula ugali kwa mkono, kutofautisha mbuzi na mbwa, kuongea, sasa itakuwaje asikumbuke? Lakini hayo aliyojifunza hayakuhitaji kukumbuka siku yoyote mahususi. Mbuzi alimwona mara mia, kila mara kwa pembe nyingine, na kilichobaki ni ujuzi wa mbuzi. Siku ya kwanza ya kumwona imeyeyuka ndani ya hizo nyingine tisini na tisa. Miguu yake inajua kutembea bila kujua ilifundishwa kwenye uwanja wa nani.

Kukumbuka tukio ni kazi tofauti. Lazima ubongo uunganishe nani, wapi na lini katika kifurushi kimoja, kwa jambo lililotokea mara moja tu. Kazi hiyo hutegemea sehemu iliyo ndani ya ubongo, upande kwa upande, yenye umbo kama la farasi wa baharini, iitwayo hipokampasi. Kinachopotea katika usahaulifu wa utotoni ni vifurushi hivyo. Ujuzi uliobaki bila tarehe haumo katika hasara hiyo.

Maelezo ya kwanza: hayakuandikwa

Haya ndiyo mepesi zaidi kuyakubali, na kwa muda mrefu ndiyo yaliyotawala. Hipokampasi ya mtoto haijakomaa, kwa hiyo hakuna kalamu. Ukiyakubali, unamjibu mama: usihuzunike, mtoto hakukusahau, hakuwahi kukuhifadhi.

Aliyeyatikisa ni mwanasaikolojia wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, na chanzo chake kilikuwa kitanda cha mwanawe. Alifunga utepe kwenye kifundo cha mguu cha mtoto, ncha nyingine akaifunga kwenye midoli inayoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha mguu, midoli inacheza. Baada ya dakika chache mtoto anaelewa mchezo na kurusha mateke kwa bidii. Jaribio lenyewe lilikuja baadaye: baada ya siku kadhaa midoli inaning'inizwa tena, ila utepe haufungwi. Je, atarusha mateke? Akirusha kuliko kawaida yake ya mwanzo, anakumbuka. Watoto wa miezi miwili walikumbuka kwa siku moja au mbili. Wa miezi mitatu walifika wiki moja. Wa miezi sita walifika wiki mbili.

Kwa hiyo kalamu ipo. Tatizo ni kwamba wino unafifia haraka, na unafifia polepole zaidi kadiri mtoto anavyokua.

Mtu anaweza kubisha kwamba mateke ni mazoea ya mguu, si kumbukumbu ya tukio. Ni ubishi wa haki. Lakini mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha kazi ambayo naiona imemaliza sehemu kubwa ya mjadala huu. Waliwalaza watoto 26 wa kati ya miezi 4 na 25 ndani ya mashine ya MRI, inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, wakiwa macho, jambo ambalo mzazi yeyote atalistaajabia kuliko matokeo yenyewe. Waliwaonyesha picha za nyuso, vitu na mandhari, kila picha kwa sekunde mbili. Baadaye kidogo picha moja iliyokwisha kuonekana iliwekwa kando ya picha mpya. Mtoto aliyeitazama zaidi ile ya zamani alionyesha kwamba anaitambua. Na picha zilizotambuliwa baadaye ndizo zile ambazo hipokampasi ilikuwa imechangamka zaidi zilipoonekana mara ya kwanza. Hali hiyo ilijitokeza kwa nguvu kwa watoto waliopita miezi 12.

Hapo maelezo ya kwanza yanapoteza nusu ya nguvu zake. Yanaweza kusimama kwa miezi ya mwanzoni. Mpwa wangu aliishi Lushoto miezi 28. Tuwape wanaoyatetea ile minane ya kwanza, kabla hajatimiza mwaka. Inabaki miezi 20 ambayo ubongo wake ulikuwa na uwezo wa kuandika tukio moja moja. Yalikwenda wapi?

Maelezo ya pili: yalifunikwa

Hapa inabidi tuingie maabara ya panya, na nitakaa humo kidogo kwa sababu ndiko kwenye ushahidi mgumu kuliko wote.

Panya mchanga wa siku 17 akiwekwa kwenye kisanduku fulani na kupigwa shoti ndogo ya umeme miguuni, kesho yake akirudishwa mle anaganda kwa woga. Anakumbuka. Wiki chache baadaye anazurura humo kana kwamba hajawahi kufika. Panya mzima aliyefanyiwa hivyohivyo anaganda hata baada ya wiki hizo. Kwa hiyo usahaulifu wa utotoni si wa binadamu peke yetu, na chanzo chake hakiwezi kuwa lugha peke yake.

Mwaka 2014 timu ya Sheena Josselyn na Paul Frankland, kutoka hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, ilipendekeza chanzo. Katika utoto hipokampasi inazalisha seli mpya za neva kwa kasi kubwa. Kila seli mpya inajipenyeza kwenye mtandao uliopo na kujiunganisha na seli za zamani. Kumbukumbu ni mpangilio wa miunganisho hiyo, kwa hiyo kila ugeni unaoingia unaupangua kidogo. Fikiria kijiji ambacho mtu alikuelekeza njia kwa alama, pinda kulia penye mwembe, kisha kila wiki zinajengwa nyumba kumi mpya na njia zinahamishwa. Maelekezo hayakuwa ya uongo, ila kijiji si kilekile.

Uzuri wa kazi yao ni kwamba hawakuishia kwenye dhana. Walichukua panya wazima, wakawafundisha kuogopa kisanduku, kisha wakawapa gurudumu la kukimbilia, maana kukimbia huongeza seli mpya kwa panya. Wazima hao wakasahau. Wakachukua wachanga na kupunguza uzalishaji wa seli mpya baada ya somo, nao wakakumbuka vizuri kuliko wenzao. Kisha wakawaendea simbilisi na degu, panya wa asili ya Chile, ambao huzaliwa ubongo wao ukiwa umekomaa zaidi na seli mpya chache. Hao hawakuwa na usahaulifu wa utotoni tangu awali, lakini uzalishaji ulipoongezwa, nao wakaanza kusahau. Ukiongeza seli, usahaulifu unakuja, ukipunguza, unapungua. Ni nadra kupata kisababishi kinachonyooka hivyo katika sayansi ya ubongo.

Sasa udhaifu wake. Kwa binadamu hatuwezi kufanya jaribio kama hilo, na wanasayansi bado wanabishana seli hizo mpya zinaendelea kuzaliwa hadi umri gani kwetu. Panya pia hukomaa kwa wiki, sisi kwa miaka. Na kuna jambo moja ambalo maelezo haya hayaligusi hata kidogo: kwa nini familia mbili zenye watoto wa umri mmoja na ubongo wa namna moja zinaweza kutoa watu wazima ambao kumbukumbu zao za kwanza zimepishana kwa mwaka mzima au zaidi? Seli haziwezi kujibu hilo.

Maelezo ya tatu: hayakusimuliwa

Nchini New Zealand watafiti Gabrielle Simcock na Harlene Hayne walitengeneza sanduku la ajabu la kupunguza vitu. Mtoto anavuta mkono taa zinawaka, anatumbukiza mdoli mkubwa juu, anazungusha kishikio, na mlangoni anatokea mdoli uleule ukiwa mdogo. Ni kiinimacho tu, lakini mtoto wa miaka miwili hasahau kirahisi kitu kama hicho. Watoto walikuwa wa kati ya miezi 27 na 39. Siku hiyo watafiti walipima pia maneno ambayo kila mtoto alikuwa anayajua. Wakarudi baada ya miezi sita, au baada ya mwaka.

Watoto waliweza kuonyesha kwa mikono namna sanduku lilivyofanya kazi, na waliitambua midoli kwenye picha. Walipoulizwa waeleze kwa mdomo, walitoa kidogo sana. Na hakuna mtoto hata mmoja aliyetumia neno linalohusu tukio lile ambalo hakuwa nalo siku lilipotokea, ingawa kufikia wakati wa kuulizwa maneno hayo alikuwa ameshayajua. Kumbukumbu ilikuwa imeganda katika lugha ya siku ile. Utafiti wa baadaye wa watu wengine ulionyesha kwamba watoto wachache wanaweza kuvuka ukuta huo, kwa hiyo tusiuite ukuta wa zege. Lakini ni ukuta.

Nilipolisoma hilo nilimfikiria mpwa wangu moja kwa moja. Maneno yake machache ya siku zile yalikuwa ya Kisambaa. Leo hasemi Kisambaa kabisa. Hata kama kuna kitu kimeandikwa, kimeandikwa kwa hati ambayo mwenyewe hawezi tena kuisoma.

Nusu ya pili ya maelezo haya inahusu mazungumzo. Mtoto hajui kupanga tukio kuwa kisa chenye mwanzo na mwisho. Hufundishwa na mtu mzima anayemuuliza: jana tulikwenda wapi, nani alianguka, ukafanyaje? Huko New Zealand imeonekana kwamba vijana wa miaka 12 na 13 ambao mama zao walipokuwa wadogo walizungumza nao yaliyopita kwa upana, kwa maswali na nyongeza, walikuwa na kumbukumbu za mapema zaidi kuliko wale ambao mama zao waliuliza kwa mkato. Na watu wazima wa Kimaori, ambao katika jamii yao kusimulia yaliyopita ni jambo zito, walitaja kumbukumbu ya kwanza ya wastani wa miezi 32 hivi, wakati wenzao wa asili ya Ulaya nchini humohumo walitaja miezi 43 hivi. Karibu mwaka mmoja tofauti, nchi moja. Hapo ndipo maelezo ya seli yanaponyamaza na haya yanapoongea.

Udhaifu wake nao uko wazi: panya hana lugha wala mama wa kumsimulia, na bado anasahau.

Yakiwekwa bega kwa bega

| Swali | Hayakuandikwa | Yalifunikwa | Hayakusimuliwa |
|---|---|---|---|
| Je, linaeleza panya wachanga kusahau? | Hapana, kesho yake wanakumbuka | Ndiyo, vizuri sana | Hapana |
| Je, linaeleza tofauti kati ya familia na jamii? | Hapana | Hapana | Ndiyo |
| Linafaa umri gani zaidi? | Kabla ya mwaka mmoja | Miaka ya mwanzo yote | Kuanzia miaka miwili hivi |
| Je, kuna la kufanya? | Hakuna | Kwa mtoto, hakuna linalojulikana | Lipo |

Jedwali linaonyesha kwa nini sikutaka kuchagua moja nikatupa mengine. Lakini limeacha nje swali moja ambalo mama alilitaka kuliko yote, nalo ni kama kitu chenyewe kimefutika au kimefichika.

Kwa panya jibu lipo. Mwaka 2018 kundi hilohilo la Toronto lilichapisha jaribio ambalo seli zilizochangamka wakati panya mchanga alipokuwa akijifunza woga ziliwekewa alama, ili baadaye ziweze kuamshwa kwa mwanga. Panya akakua, akasahau. Kisha wakawasha mwanga ndani ya hipokampasi, na panya aliyekuwa akizurura bila wasiwasi akaganda. Ilifanya kazi hata baada ya miezi mitatu, umri mrefu kwa panya, ingawa kumbukumbu haikurudi yote. Maana yake seli mpya hazikufuta maandishi. Zilivuruga njia ya kuyafikia.

Rovee-Collier alikuwa ameshaona kitu cha namna hiyo bila kutumia mwanga wowote. Watoto wa miezi mitatu waliokuwa wameshausahau mchezo wa mateke, karibu wiki mbili baada ya kujifunza, walionyeshwa midoli ikicheza kwa dakika tatu tu, bila utepe. Kesho yake walirusha mateke kama waliojifunza jana. Na kinyume chake pia: kwa watoto wa miezi sita, kubadilisha tu kitambaa chenye nakshi kilichozungushiwa kitanda kulitosha kuwafanya wasionyeshe kumbukumbu. Kumbukumbu ya mtoto mdogo imeshonewa kwenye mazingira yake. Sasa mwondoe Lushoto penye baridi, moshi wa kuni na Kisambaa, umpeleke Dar penye joto, feni na Kiswahili. Hakubadilishiwa kitambaa cha kitanda; alibadilishiwa dunia.

Hilo lisitupeleke mbali. Hakuna anayeweza kumwashia mtoto wa watu mwanga ubongoni, na kufichika kwa panya kwa miezi mitatu si uthibitisho wa kufichika kwa binadamu kwa miaka sita.

Kilichoonekana uwanjani

Asubuhi ya pili mpwa wangu alikwenda banda la mbuzi akafungua komeo. Komeo lile ni la kienyeji, inabidi ulinyanyue kwanza ndipo ulisukume, na mimi mwenyewe hunisumbua. Mama alinitazama, macho yanang'aa. "Umeona? Mikono inakumbuka!"

Nilitamani kukubali. Lakini jana yake jioni nilikuwa nimewarudisha mbuzi mle, naye alikuwa nyuma yangu. Inawezekana mikono ilikumbuka, inawezekana macho yaliiba. Ukitaka kujua kweli, lazima uhakikishe mtoto hajaona mtu akifanya, na uwe na mtoto mwingine wa umri wake ambaye hajawahi kuishi pale, naye ajaribu. Sikufanya hivyo.

Siku hiyohiyo alitoa jambo jingine mwenyewe. "Mjomba, mimi nakumbuka niliangukia kwenye tenga la mahindi, nikalia, bibi akacheka." Mama akapiga kigelegele. Mimi nikamuuliza: tenga lilikuwa upande gani? Ulikuwa umevaa nini? Akajibu bila kusita: fulana ya njano, na tenga liko mlangoni. Nikamuuliza aliona nini alipokuwa ndani ya tenga, kabla hajanyanyuliwa. Akanyamaza. Kisha akasema, "Nilikuwa nalia tu, miguu iko juu."

Miguu iko juu ni kile anachokiona mtu aliyesimama mlangoni, si aliye ndani ya tenga. Na dada yangu ana picha hiyo kwenye simu: fulana ya njano, miguu hewani, mlango nyuma. Ameionyesha kwa wageni mara zisizohesabika, na kila mara kisa kinasimuliwa mbele ya mtoto. Mtu kujiona kwa nje peke yake si ushahidi kamili, maana kumbukumbu nyingi za kweli za zamani nazo huja kwa picha ya nje. Kilichonishawishi ni kwamba kila kitu alichokuwa nacho kimo kwenye picha, na hakuna hata kimoja nje yake.

Yuko katika kundi la heshima. Jean Piaget wa Uswisi, bingwa wa saikolojia ya watoto, alikua akikumbuka wazi jinsi mtu alivyotaka kumteka kwenye kigari chake huko Paris akiwa na miaka kama miwili, na yaya wake alivyopambana hadi akakwaruzwa usoni. Alipokuwa na miaka kama 15, yaya huyo aliandika barua kwa wazazi kukiri kwamba alitunga yote, akarudisha saa aliyozawadiwa kwa ushujaa wake. Piaget alikuwa amesikia kisa, akajichorea picha, akaiweka mahali pa kumbukumbu.

Kwa hiyo maelezo ya tatu yana pande mbili, na wauza ushauri wa malezi huonyesha mmoja tu. Masimulizi huhifadhi kumbukumbu, na masimulizi hayohayo huitengeneza pale isipokuwepo. Ukitaka kujua unafanya lipi, angalia nani anayeleta maelezo. Ukimuuliza mtoto "ilikuwaje?" ukasubiri, akaleta kitu ambacho hukumwambia na ambacho mtu mwingine aliyekuwepo anakithibitisha, hicho ni chake. Ukimwambia "unakumbuka ulivyoangukia tenga?" umeshaweka tenga kichwani mwake.

Niliyoyachagua

Kwa miezi ya kabla ya mwaka mmoja, nachukua la kwanza kwa sehemu, na sitaki mzazi yeyote ajitese. Kwa sababu ya kwa nini kumbukumbu zinapotea, nachukua la pili, maana ndilo pekee lililojaribiwa kwa kuongeza na kupunguza chanzo chake. Lakini kwa swali la nifanye nini, la tatu ndilo lenye kazi, kwa hiyo ndilo nililompelekea mama.

Na muda una maana. Mwaka 2014 Patricia Bauer na Marina Larkina walitoa matokeo ya watoto 83 ambao wakiwa na miaka mitatu walirekodiwa wakizungumza na mama zao juu ya mambo yaliyotokea karibuni. Walipoulizwa mambo yaleyale wakiwa na miaka kati ya mitano na saba, walikumbuka zaidi ya asilimia 60. Waliosubiriwa hadi miaka minane au tisa walikumbuka kama asilimia 35. Mlango haufungwi siku mtoto anapotimiza miaka mitatu. Unafungwa polepole, na karibu na miaka saba unabanwa kwa nguvu. Mpwa wangu ana minane, na wakati akiwa na mitano hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu Lushoto. Sote tulikuwa tunamwonyesha picha.

Mama alisikiliza yote hayo akichambua maharage. Hakupinga. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo huyu mdogo nimuulize, nisimwambie?"

"Umuulize, mama. Halafu ukae kimya kidogo."

Kukaa kimya ndiko kulikomshinda mwanzoni. Usiku wa kwanza nilimsikia akimuuliza mjukuu walikwenda wapi, na kabla mtoto hajafungua mdomo akamjibia: mtoni, tukamwona kinyonga. Usiku wa tatu aliuliza akanyamaza. Mtoto alifikiri muda mrefu, kisha akasema kwa Kisambaa kilichochanganyika na Kiswahili kwamba kandambili moja ya bibi ilichukuliwa na maji. Mama hakuwa ametuambia habari ya kandambili. Alikuwa amerudi nyumbani peku upande mmoja, akatuficha.